Gauni Ishirini za Kwaya ya Sigino

Chapati ya Mama Jesse haikuwahi kuja peke yake. Paskalina alilijua hilo kwa miaka kumi na moja waliyoshona pamoja kwenye kibaraza kimoja nyuma ya soko la Babati, cherehani kwa cherehani, wakiazimana mkasi na kusimamiana wateja. Basi Jumanne ile, alipoona sahani imefunikwa kwa leso safi na kikombe cha chai kikifuka pembeni, moyo wake ulishtuka kabla mkono haujanyooka.

"Kula, Mama Evelyne, zisipoe," alisema Vailet, ambaye kibarazani hapo wote walimwita Mama Jesse.

"Mungu akubariki, dada."

Alikula, akingoja kilichokuja nazo. Tangu jana alikuwa amemwona mwenzake akihesabu vipande vya kitenge, anavipanga, anavipangua, anaguna. Vilikuwa vya kwaya ya usharika mmoja wa Sigino. Gauni ishirini, zinatakiwa Jumamosi jioni, maana Jumapili kwaya inaimba mbele ya wageni. Vailet alikuwa ameshakata zote, na kumi ameziunga mabega na ubavu. Mikono hakuna hata mmoja ulioshikwa.

Paskalina naye hakuwa amekaa bure. Juu ya kamba zilining'inia gauni saba nyeupe za watoto wa komunyo ya kwanza, na saba nyingine zilikuwa bado vitambaa. Wazazi wangekuja Ijumaa mchana watoto wajaribu. Mtoto akisubiri komunyo tangu alipoanza mafundisho, huwezi kumwambia gauni haijaisha.

Hofu yake haikuwa kazi. Alihofia kumpoteza Vailet. Mwaka juzi Paskalina alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, nani alishika wateja wake mwezi mzima, akawashonea na kuwaambia "mwenyewe anarudi," asimchukulie hata mmoja? Ni huyu huyu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Leo rafiki ana dhiki, wewe unasemaje?

"Mwenzangu," Vailet alianza, bila kuinua macho kutoka kwenye kitenge. "Nimeelemewa. Nichukulie kumi tu. Wewe mkono wako mwepesi."

Hilo ndilo lililokuja na chapati. Paskalina alifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, akipata nafasi ya kusali kimoyomoyo. Ulimi wake ulikuwa umeshazoea neno moja tu, haya. Lilikuwa limefika mdomoni. Mwaka jana alilitoa hilo hilo kwa fundi mwingine, Leonsi, akapokea vitenge vyenye picha za kasuku juu ya kazi zake, akakata amechoka, na migongo minne ikatoka kasuku wamening'inia vichwa chini. Walitafuta kitambaa kile mji mzima, hakikupatikana tena.

"Mama Jesse, siwezi," alisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, akairudia. "Kumi siwezi, dada. Nikikuitikia nitakuwa nakudanganya, na wewe utaniamini mpaka Jumamosi."

Kanyagio la Vailet lilisimama.

"Hata tano?"

"Hata tano. Nyeupe zangu saba hazijashonwa. Unawakumbuka wale kasuku?"

"Nawakumbuka. Nilicheka." Hakucheka sasa.

"Sikuachi hivi hivi. Nisikilize kwanza. Kinachokula muda wako ni marinda ya mikono. Kuyavuta, kuyagawa sawa, kuyashika, mkono mmoja unamaliza saa nzima. Na bado hujaanza hata mmoja. Mwone mwalimu wa kwaya leo, umwombe mikono iwe ya kawaida. Kwaya itapendeza tu, maadamu wote wanafanana. Lakini umwambie leo. Jumamosi itakuwa imeshakuwa kosa."

Vailet aliokota kipande cha mkono, akakigeuza.

"La pili, Antonia, yule niliyemfundisha, yuko karibu na stendi. Sare za shule amemaliza, juzi kaniambia hana kazi. Mabega na ubavu anaunga vizuri, namdhamini. Na mimi mwenyewe kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa muda wa saa moja, niletee zipu. Zipu tu, nitakutilia. Ijumaa nyeupe zikishajaribiwa, hiyo jioni na Jumamosi yote ni yako. Pindo zote ishirini nitapinda mimi."

Alikuwa amesema mengi kuliko kawaida yake, mpaka akahema. Vailet alikunja kitenge taratibu, kona kwa kona.

"Mimi nilipokushikia wateja wako," alisema, "sikukupangia saa."

Neno lile lilimchoma pale pale lilipolengwa.  Vailet alichukua sahani yake, akafunika cherehani yake, akatia kazi yote kwenye mfuko mkubwa wa shangazi kaja, akaondoka jua likiwa bado juu. Hakuaga.

Jumatano asubuhi cherehani ya jirani ilibaki imefunikwa. Paskalina alishona ukosi wa kwanza ukapinda, akaufumua. Akaushona tena, akaufumua tena. Saa tatu ikapita, saa nne. Kila bajaji ikisimama alichungulia. Mteja mmoja aliuliza, "Mwenzako leo kaenda wapi?" akajibu, "Yupo," ingawa hakujua.

Mara mbili alishika simu. Ingekuwa rahisi kumwambia alete hizo kumi, na moyo ungetulia siku ile. Lakini alizitazama zile saba nyeupe juu ya kamba, akajua utulivu huo ungefika Ijumaa tu. Akairudisha simu kwenye droo, akasema, "Bwana, usiniache nimpoteze," kisha akasukuma kitambaa chini ya sindano.

Ilikaribia saa saba aliposikia, "Shikamoo, mama."

Alikuwa Antonia, ana mkasi wake mkononi, na nyuma yake Vailet na ule mfuko, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Sigino.

"Marahaba, mwanangu."

Vailet alifunua cherehani, akakaa, akafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Nimetoka kwa mwalimu wa kwaya," alisema, kana kwamba anaongea na sindano. "Marinda kaondoa. Anasema hata hivyo waimbaji wenyewe walikuwa wanalalamika, mikono ya namna ile kwenye gauni zao za zamani inawabana wakipiga makofi. Antonia anaziunga zile kumi zilizobaki."

"Mungu ni mwema."

"Ni mwema. Ila uliniumiza, Mama Evelyne."

"Najua. Sikulala vizuri."

"Na mimi sikulala. Nikawa nawaza, angekubali, halafu Jumamosi aniambie bado nne, ningemfanya nini?" Aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu jana. "Ningekunyonga. Kwaya nzima ingenisaidia, na wanaume wa sauti ya nne wangeshika miguu."

Antonia aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Paskalina hakuficha chake, kilimtoka pamoja na machozi kidogo, akayafuta haraka yasidondokee kitambaa cheupe.

"Umeshakula?" Vailet aliuliza.

"Bado."

"Basi kula upesi, saa yangu inaanza." Akatoa gauni nne kwenye mfuko na kumwekea mapajani, zipu zikiwa zimebanwa kwa pini. "Zipu tu. Nikikuona umegusa mkono wowote nakunyang'anya."

"Na pindo Ijumaa jioni."

"Ijumaa jioni," Vailet alisema, akaanza kukanyaga.