Sauti ya Mwanaume kwenye Simu ya Baba

Maji ya mto Tana yalipoingia mabweni ya chuo chetu, wanafunzi wa uuguzi walirudishwa makwao na sisi wakufunzi tukaambiwa tuendelee kufundisha kwa mtandao. Mkuu wa chuo aliyasema hayo akiwa Mombasa, ambako mtandao haukatiki. Mimi nilibaki Garsen, katika chumba changu cha kupanga nyuma ya soko, na wanafunzi wangu wakatawanyika: mmoja Golbanti, wengine Bura, mwingine Hola, na binti mmoja wa wafugaji kwao ng'ambo ya Minjila, nyikani kabisa, ambako hata kupiga simu ya kawaida ni mpaka upande kichuguu.

Somo la kwanza nilifundisha kwa video. Alibaki mtu mmoja tu, naye sura yake ilikuwa imeganda mdomo wazi. Kuanzia siku hiyo niliachana na video. Nilitengeneza kikundi cha wasapu, nikawa natuma sauti fupi fupi, kila moja ikiwa na jambo moja tu. Maelezo nilikuwa nayaandika kama ujumbe wa kawaida, bila mafaili mazito ya rangi. Palipohitajika picha, nilichora kwa penseli, nikaupiga mchoro picha na kupunguza ukubwa wake. Niliwaambia wazime ule mtindo wa simu kujipakulia vitu yenyewe, na wapakue alfajiri, kabla watu wengi hawajaingia mtandaoni. Mazoezi yalikuwa ya kufanyika nyumbani: mshike mama mkono, tafuta mshipa wa kifundo upande wa kidole gumba, hesabu mapigo dakika nzima, nitumie namba. Asiyekuwa na bando alijibu kwa SMS.

Mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Ndipo nikaanza kushuku.

Binti wa Minjila darasani alikuwa mkimya, wa kukaa karibu na mlango, na akiulizwa alijibu kwa sauti ndogo huku akiangalia meza. Sasa majibu yake yalikuwa yanafika yote kwa pamoja, saa ambazo wenzake walikuwa wameshamaliza, na yote sahihi. Tena yalifanana na ya msichana wa Golbanti kwa maneno, hadi mpangilio wa sentensi. Nikasema moyoni, hapa kuna mtu anamfanyia mwenzake.

Nikatega. Nilitoa hesabu za dripu, kila mwanafunzi na tarakimu zake peke yake. Wa Golbanti nilimpa nusu lita ya kwenda kwa saa sita. Wa Minjila nilimpa lita moja kwa saa kumi, mpira wa matone ishirini kwa mililita. Nilidhani tarakimu zikitofautiana, wizi utajionyesha. Wa Golbanti akajibu matone ishirini na nane kwa dakika. Wa Minjila akakaa kimya mchana kutwa, kisha jua linazama ikaingia SMS: "Thelathini na tatu, mwalimu." Ilikuwa sahihi. Badala ya kutulia, nilizidi kushuku. Anayemsaidia si mwanafunzi, nikawaza. Ni muuguzi au daktari, pengine mjomba wake.

Nilimpigia mkuu wa chuo. Hakunisikiliza sana.

"Kama huna uhakika nani anajibu, futa alama zake," alisema. "Arudie mwaka. Tukiacha mmoja, kesho watakuwa darasa zima."

"Nipe nafasi nimsikie kwa sauti yake mwenyewe," nikamwambia.

Nikatuma zoezi kwa wote: jirekodi ukieleza utafanya nini ukimkuta mama aliyejifungua muda mfupi uliopita anatokwa na damu nyingi. Usisome. Eleza kama unavyomweleza mwenzako wa zamu.

Sauti za wenzake zilifika siku hiyo hiyo. Yake ilifika baadaye. Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni, mahali ambapo simu yangu ilikuwa inashika vizuri, na kabla binti hajasema neno nikasikia sauti ya mwanaume mtu mzima, nzito, ikisema kitu kwa Kiorma, lugha ya kwao. Kisha binti: "Kwanza naita msaada. Naweka mkono juu ya tumbo, natafuta mfuko wa uzazi. Ukiwa laini, nausugua mpaka ukaze." Mwanaume akasema tena. Binti: "Naangalia kibofu. Kikiwa kimejaa, mfuko hauwezi kukaza, kwa hiyo akojoe au nimwekee mpira." Mwanaume tena. Binti: "Namweka mtoto kwenye ziwa. Natayarisha sindano ya kukaza mfuko, na dripu."

Hakukosea popote. Lakini kabla ya kila jibu, yule mwanaume alikuwa anazungumza. Niliirudia ile sauti mpaka nikaweza kuimba mdundo wa maneno nisiyoyaelewa. Nilikuwa nimempata. Nakumbuka hata nilifurahi, furaha mbaya, ya mtu aliyemkamata mwizi dirishani.

Kabla ya kumpigia mkuu tena, nikampelekea mwenzangu asikilize. Ni mkunga, mkufunzi kama mimi, mwanamke Muorma aliyezaliwa Bura. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, simu imebanwa sikioni. Ilipokwisha akanirudishia bila kucheka.

"Huyu hamtajii majibu," alisema.

"Sasa anasema nini?"

"Mara ya kwanza anamuuliza: huyu mwanaume anataka nini kwako? Ya pili anamwambia: rudia alichokwambia, usifiche. Hapa mwisho anauliza: kwa nini anataka kujua mambo ya tumbo la mwanamke?" Akanitazama. "Huyo ni babake. Wewe unamshuku mtoto, na yeye anakushuku wewe."

Nilijaribu kukumbuka sauti zote nilizokuwa nimetuma majuma yale. Kulikuwa na ya kusafisha kidonda, ya kupima joto, na ya kukagua maziwa ya mama anayenyonyesha, kama yamevimba, kama chuchu zimepasuka. Nilikuwa nimeirekodi alfajiri, kwa sauti ya chini nisiwaamshe majirani. Sasa nikaisikia kama mzee alivyoisikia: mwanaume asiyemjua, ananong'ona na binti yake habari za maziwa, alfajiri.

Siku mbili hazijapita, simu ikalia, ni namba anayoitumia binti. Aliyezungumza ni yule mzee.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia. "Mimi nakuja Garsen siku ya soko ya mbuzi. Mimi nataka kuona wewe kwa macho."

Tulikutana katika hoteli ya karibu na soko, mimi na mwenzangu mkunga upande mmoja, mzee na binti upande wa pili. Mzee alikuwa mrefu, kitambaa kichwani, fimbo ameilaza mapajani. Chai iliwekwa, hakuigusa. Binti alikuwa anaangalia meza, kama darasani. Mwenzangu akamsalimia mzee kwa Kiorma, wakaulizana habari za ng'ombe na malisho na maji, salamu ndefu. Kisha mzee akanigeukia, akatoa simu mfukoni mwa shati, akaiweka mezani mbele yangu.

"Sema," akasema.

"Niseme nini, mzee?"

"Ile maneno ya mshipa. Sema kama ulivyosema kwa simu. Mimi nasikia kama ni wewe."

Watu wa meza ya jirani walikuwa wameacha kula. Nikasema: "Tafuta mshipa wa kifundo upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kwa sababu nacho kina mapigo yake, kitakuchanganya. Hesabu dakika nzima." Mzee alibonyeza simu, ikatoka sauti yangu ikisema vivyo hivyo. Akasikiliza ya simu, akaniangalia, akaisikiliza tena.

"Ni yeye," akamwambia binti. Hakuonekana kufurahi, akanigeukia mimi. "Sasa wewe uliza yeye mbele yangu. Kama anajua, najua. Kama hajui, mimi narudi naye nyumbani, chuo kwisha."

Nilimtazama binti. Nilikuwa na shaka bado, siwezi kuficha. Nikamwambia: "Nusu lita, saa nane, mpira wa matone kumi na tano."

Hakuomba karatasi. Midomo yake ilicheza kidogo, kidole kikaandika kitu juu ya meza. "Mia tano mara kumi na tano, gawa kwa dakika mia nne na themanini," alisema, na sauti haikuwa ndogo tena. "Kumi na tano na kitu. Naweka kumi na sita, mwalimu."

Mzee hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, usoni, akisubiri kuona sura yangu itabadilikaje.

"Ni sawa," nikamwambia.

"Na hayo majibu yanayofanana na ya mwenzako wa Golbanti?" nikamuuliza.

Hapo binti aliinua kichwa. "Maandishi yako marefu hayafunguki yote kwenye simu ya baba, mwalimu, ni ya zamani. Sauti nazipata baba akipeleka ng'ombe upande wenye mtandao, anarudi nazo jioni, ndipo najibu yote kwa pamoja. Maandishi yanakatika katikati. Mwenzangu wa Golbanti ananipigia simu ya kawaida, ananisomea, mimi naandika, halafu tunabishana mpaka tukubaliane. Hesabu kila mtu anafanya yake." Akaongeza: "Wewe ndiye uliyesema tusome wawili wawili."

Nilikuwa nimesema, siku walipoondoka chuoni. Mwenzangu akakohoa, akaiangalia chai yake.

Mzee aliuliza maswali mengi siku ile. Kwa nini mwanaume afundishe uzazi. Kwa nini asubuhi mapema. Nani mwingine anazisikia hizo sauti. Nilijibu moja moja, mengine mwenzangu akayafafanua kwa Kiorma. Tukaelewana hivi: masomo ya uzazi na maziwa atarekodi mkunga. Mimi kila sauti nitaianza kwa kusalimia wa nyumbani na kutaja somo ni lipi, ili mwenye simu ajue kabla ya kusikiliza. Na maelezo nitayakata vipande vifupi vya SMS, visikatike njiani. Simu itabaki mkononi mwa mzee.

Mkuu wa chuo nilimweleza yote. Alisema hadithi nzuri, lakini yeye atasubiri mtihani wa vitendo. Alikuwa na haki. Sindano haifundishwi kwa simu ikaisha, lazima mtu aonekane akiishika.

Maji yalipopungua, wanafunzi waliitwa kwenye chumba cha mazoezi kwa makundi. Binti wa Minjila alikuja na babake. Mzee alikataa kiti, akasimama nje ya dirisha, fimbo begani, akaangalia ndani muda wote. Binti aliosha mikono kwa hatua zote, akamwekea dripu mgonjwa wa plastiki wa kufundishia, akausugua mfuko wa uzazi wa sponji huku akieleza kila anachofanya, bila mtu kumtajia neno. Mkuu, aliyekuwa amekuja mwenyewe kusimamia, alimuuliza zaidi ya wengine, na mara mbili akamrudisha nyuma ili aone kama atababaika. Hakubabaika. Alipita.

Walipokuwa wanaondoka, mzee alinisimamisha getini.

"Sauti tuma," alisema. "Lakini kwanza mimi nasikia, halafu yeye."

"Hivyo hivyo, mzee."

Akaondoka bila kunipa mkono. Juma lililofuata nilituma somo la kumhudumia mtu aliyeumwa na nyoka: asitembetembee, kiungo kisisogezwe, usikate, usinyonye, apelekwe hospitali haraka. Baada ya saa chache ikarudi sauti. Si ya binti.

"Mwalimu," alisema mzee, na nyuma yake nikasikia ng'ombe, "hii ya nyoka, mimi nataka kusikia tena. Sema polepole."