Namba ya Spana Kwenye Tangazo la Sikukuu

Mtaa mzima ulimwita Bi Chuma, na jina halikumkaa bure. Ukimwambia hiki cheusi, atakiosha kwanza ndipo akubali. Mumewe alikuwa fundi wa mabomba katika ofisi ya maji. Watu walimwita Spana, maana hata msibani alikuwa nayo mfuko wa nyuma, bomba halijui msiba.

Spana alipokufa, ofisi ilimtuma mtu kuchukua vifaa vya kazi. Bi Chuma akatoa mabuti, akatoa koti la mvua, akatoa spana zote. Alipoombwa laini ya simu, akasimama mlangoni akaujaza.

"Namba hii aliingia nayo kazini. Hamkumpa nyinyi. Mtaitakaje?"

Yule mtu akakuna kichwa, akaondoka. Ofisi ikaajiri fundi mwingine mwenye namba yake, mambo yakaishia hapo. Bi Chuma akabaki na simu ya marehemu. Kila asubuhi aliichaji, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akairudisha juu ya kabati ilipokuwa ikikaa siku zote.

Wifi yake, dada wa marehemu, akija kumtazama hakosi neno.

"Wifi, umeme wenyewe wa kununua, unamlisha maiti?"

"Nalisha simu."

"Mwaka unakatika sasa, na hata siku moja sijakusikia ukisema kaka yangu amekufa. Hayupo, hayupo! Kwani kaenda sokoni?"

"Kwani nimesema uongo? Yupo?"

"Haya. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Bi Chuma akamwambia chai inapoa. Wifi akanywa, akaenda zake.

Ikafika sikukuu ya taifa, ikaangukia Ijumaa. Bi Chuma alikuwa akichagua maharage kwenye ungo simu ya juu ya kabati ilipolia. Simu ile ilikuwa haijalia tangu siku za msiba. Akaichukua kwa mikono miwili.

"Haloo! Fundi wa zamu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, inahema. "Bomba kubwa limepasuka nje ya nyumba yangu. Maji yanapiga ukuta."

"Mwenye simu hayupo," akasema Bi Chuma.

"Ametoka? Basi mwambie akirudi tu aje, mimi ni mshonaji, nyumba ya tofali mbichi nyuma ya kinu cha kusaga. Ile namba nyingine haipatikani. Mama yangu amepooza, yuko ndani, na majirani wote wamekwenda kwenye sherehe."

Hapo ndipo angelisema. Neno lenyewe fupi, hata mtoto analijua. Lakini lilikuwa halijawahi kupita mdomoni mwake, siku ya mazishi walilisema wengine, yeye akafunga midomo kama mtu aliyepewa shubiri. Akasema, "Sawa," akakata simu.

Akakaa na ungo wake. Namba ya Spana wameipata wapi? Nani amewapa? Hasira ikampanda, akaona afadhali hasira kuliko lile neno. Simu ikalia tena.

"Mama, ameshatoka? Maji yameingia chumbani. Nimempandisha mama juu ya meza. Nimtoe peke yangu au nimngoje fundi anisaidie?"

"Subiri," akasema Bi Chuma.

Alimaanisha subiri nifikiri. Mshonaji akaelewa subiri, anakuja.

Bi Chuma akajitupia kanga, simu mkononi, akatoka mbio kwa miguu yake mibovu mpaka ofisi ya maji. Geti limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alikuwa ameegemea kibanda chake, redio sikioni.

"Mama, rudi nyumbani. Leo hata mbu wa humu wamepewa mapumziko. Tangazo hilo hapo."

Karatasi ilikuwa imebandikwa getini kwa gundi ya karatasi. Bi Chuma alisoma kwa kusukumasukuma, herufi moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini tarakimu zile hakuhitaji kuzisukuma. Alizijua kama sura ya mtu.

"Nisomee lote," akasema.

Mlinzi akasafisha koo kama mtangazaji. "Tangazo kwa wateja wote. Ofisi itafungwa siku ya Ijumaa kwa ajili ya sikukuu ya taifa. Huduma zitarejea Jumatatu saa mbili asubuhi. Kwa dharura ya kupasuka bomba, piga: fundi wa zamu..." Akasoma namba, akasita. "Si ya mzee Spana hii?"

"Imefikaje hapa?"

"Loo! Karani huyu! Kachukua tangazo la mwaka jana kwenye kompyuta, akabadili tarehe basi. Kila sikukuu hufanya hivyo."

"Na ya pili?"

"Ya msimamizi. Huyo akienda kwao milimani, mtandao hana."

"Fundi mpya yuko wapi?"

"Yupo zamu! Nina namba yake." Mlinzi akapiga. Fundi akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi," alisikika akisema, "nikadhani leo mji mzima hauna tatizo."

Akaja na pikipiki, ufunguo wa vali, ule wa kufungia maji, umefungwa nyuma kwa mpira. Bi Chuma akapanda bila kuulizwa. Walipofika nyuma ya kinu, fundi alirukia shimo la vali, akauzungusha ufunguo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na maji yakapungua, yakawa uzi, yakakauka.

Lakini ukuta ulikuwa umelala tayari. Tofali mbichi zikilowa hurudi udongo. Watu waliokuwa wametoka sherehe na nguo zao nzuri walimbeba mama yake mshonaji, waliyemfukua chini ya ukuta, juu ya ubao wa mlango, matope mpaka kwenye nywele. Mshonaji alitembea kando yake amemshika mkono. Alimtazama Bi Chuma na simu aliyoishika.

"Ni wewe uliyepokea?"

"Ni mimi."

"Fundi mwenyewe yuko wapi? Mumeo?"

Bi Chuma akaificha simu ndani ya kanga. Mlinzi ndiye aliyemweleza mshonaji baadaye kuwa mwenye simu ni marehemu.

Bibi yule hakuisubiri Jumatatu. Alikufa hospitali kabla ofisi haijafunguliwa.

Jumatatu Bi Chuma alikuwa getini kabla ya saa mbili. Karani akaja, akalichana tangazo kutoka getini, likatoka vipande.

"Mama, pole sana. Nilibadili tarehe, namba ikanipita."

"Na mimi neno lilinipita," akasema Bi Chuma. Karani hakuelewa, akaingia ndani kuwasha kompyuta.

Bi Chuma alikwenda msibani kwa mshonaji, akakaa pembeni ya jamvi. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwambia karibu. Mshonaji alipopita na birika alilipeleka kwa wengine.

Jioni akarudi nyumbani. Tangazo lilikuwa limechanwa, lakini watu walikuwa wamelipiga picha, wametumiana kwenye simu zao, na picha haina geti la kubanduliwa. Juu ya kabati simu ikalia.

"Fundi wa maji? Mita yangu inavuja."

Bi Chuma akashika ukingo wa kabati.

"Amekufa," akasema. "Mwenye simu hii alikufa mwaka jana. Usimngoje."

"Oh! Pole mama."

Akakata. Akabaki amesimama pale na neno lake, limetoka sasa, na hakukuwa na mtu ambaye lingemfaa tena.