Kadi ya Mama Ndani ya Tivii

Ile programu ya katuni niliifuta kwenye tivii mara tatu. Mara ya kwanza nilijiona mjanja. Mara ya pili nikadhani nimekosea kubonyeza. Mara ya tatu nilikaa sakafuni na rimoti mkononi, meseji ya benki iko kwenye simu ya mama, nikajiambia kimoyomoyo: wewe mwanamke umekwisha.

Mama yangu ana mikorosho. Pesa ya korosho siku hizi hupewi mkononi, chama cha msingi kinaiingiza benki, na mkulima anapewa kadi. Mama kusoma anasoma kwa kubahatisha, mashine ya kutolea pesa anaiogopa, kwa hiyo kadi nilikuwa naishika mimi, na namba ya siri naijua mimi. Mimi ndiye niliyefika kidato cha nne kwetu. Kwenye mashine ya kusaga, wanawake wenzake wakilalamika kwamba watoto wao wanawaibia, mama alikuwa anajibu, "Mimi sihangaiki na benki, nina mtu." Mtu mwenyewe ni mimi. Naomba msomaji aliweke hilo moyoni kabla hatujaendelea.

Tivii niliinunua kwa jasho langu, kwa ufuta wangu, sikumwibia mtu. Ni hizi za kisasa zinazotumia intaneti. Niliipeleka kwa fundi wa pale Nachingwea, maana ukiiwasha tu inadai uifungulie akaunti ya kampuni iliyoitengeneza.

"Una imeili?" fundi aliniuliza.

"Ninayo, paswedi nimesahau."

"Achana nayo dada, naweka yangu. Wateja wangu wote nawawekea yangu, hakuna usumbufu."

Nikamshukuru! Mjini kwetu hakuna anayeona ajabu. Ukinunua simu, fundi anakufungulia kwa imeili yake. Ukinunua tivii, vilevile. Hakuna anayeuliza hiyo akaunti ni ya nani, kama usivyouliza bomba la maji la mtaani ni la nani.

Siku ileile binti yangu, wakati huo ana miaka mitatu, akaona katuni kwenye kioo pale kibandani, akaganda. Fundi akabonyeza. Ikaandika wiki ya kwanza ni bure, weka kadi. Nilikuwa nimetoka benki, kadi ya mama iko kwenye pochi.

"Hawakati kitu," fundi akasema. "Wiki ikiisha unafuta, basi."

Namba za kadi aliziingiza yeye mwenyewe, na namba ya siri ya manunuzi ya kwenye tivii akaiweka yeye, nikiwa namshika mtoto asivute nyaya. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kadi ile haikwenda kwa watu wa katuni. Ilikwenda kukaa kwenye akaunti ya watengeneza tivii, ile yenye imeili ya fundi. Watu wa katuni walikuwa wanapokea chao kutoka kwa watengeneza tivii. Ndiyo maana nilipofuta programu nilikuwa nimeondoa picha tu kwenye kioo. Kifurushi kiliendelea kama kawaida yake.

Meseji ya kwanza ya makato ilipoingia kwenye simu ya mama niliiona mimi, kwa sababu simu ya mama naichaji mimi. Jina lililoandikwa halikuwa la katuni, lilikuwa la kampuni ya tivii. Nikaifuta. Nilijiambia nitairudisha ile hela kwa kushona, mama asipate presha bure. Mwezi uliofuata nikafuta nyingine. Baadaye zikaanza kuja mbilimbili, nikadhani benki wanarudia kwa makosa. Nikafuta zote.

Niliwaandikia watu wa katuni. Wakajibu kwa adabu sana kwamba hawana mteja mwenye kadi hiyo wanayemkata wao, nilijiunga kupitia tivii, kwa hiyo nikasitishe kwa waliotengeneza tivii. Nikaingia kwenye mipangilio ya tivii, nikatafuta mpaka nikapata sehemu ya vifurushi. Nikabonyeza, ikadai namba ya siri. Nikajaribu mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, nikajaribu moja mbili tatu nne. Ikasema kama nimesahau itanitumia maelekezo kwenye imeili. Imeili ya fundi.

Na fundi alikuwa keshahamia Ruangwa. Wageni wamekuwa wengi kule kwa habari za migodi, tivii zinauzwa, akaona afuate riziki. Nilimpigia.

"Dada, hiyo nishaiua zamani."

"Mbona wamekata juzi?"

"Hayo makato ya mwisho. Tulia."

Mwezi ukapita, wakakata. Nikampigia, simu haipokelewi. Najua utaniuliza: si uende benki wafunge kadi? Benki nilikwenda. Dada wa dirishani akaniambia mwenye kadi aje mwenyewe na kitambulisho. Mwenye kadi ni mama. Kumleta mama pale dirishani ni kumwambia kila kitu, na mimi nilitaka kila kitu isipokuwa hicho.

Nikapanda bodaboda na mtoto mgongoni mpaka Ruangwa. Nilifika nimegeuka rangi ya vumbi. Kibanda chake sikukihangaikia, mtu wa tatu kuulizwa alinionyesha. Nikamkuta amekaa na mama mmoja mtu mzima, mnene, amefunga kitenge kipya.

"Aa, dada wa Nachingwea!" fundi akasema, anachekacheka. "Karibu kiti."

"Kiti kalia mwenyewe. Fungua akaunti."

"Subiri nimalizane na mteja, ametoka Chinongwe huyu."

"Mwache amalizane na mimi kwanza," yule mama akaniambia. "Mimi nalipia mpira tu, naondoka. Vijana wananisumbua, Jumamosi wanataka kuangalia."

Nikamwangalia. "Mama, unalipia mpira wapi?"

"Kwa fundi hapa. Kila mwezi nampa. Tivii yangu si kanifungulia yeye?"

Fundi alianza kutafuta kitu kwenye droo. Hakikuwepo. Niliona shingo yake inavyolowa jasho, na sikuhitaji tena kuelezwa, lakini nilitaka kuona kwa macho. Nikamwambia fungua simu yako hapa, mbele ya huyu mama, usipofungua napiga kelele hizi unazozisikia mara tano zaidi. Wauza nyanya wa pale nje walishaanza kusogea.

Akafungua. Aliingia kwenye akaunti ya watengeneza tivii, ikatuma namba kwenye imeili yake, akaiweka, ikakubali. Chini ya vifurushi kulikuwa na vitatu. Katuni, changu. Mpira, wa Chinongwe. Na tamthilia za Kikorea za mtu mwingine nisiyemjua hadi leo, Mungu ambariki popote anapolia na mapenzi ya watu. Vyote vitatu vinalipwa na kadi moja. Tarakimu nne za mwisho nazijua kama jina langu. "Kadi ya mama yangu hiyo," nikasema.

"Kwa hiyo mimi nakulipa wewe, na mama wa huyu binti anawalipa wao?" yule mama wa Chinongwe akauliza, taratibu, kama mtu anayehesabu kuku.

"Sio hivyo, mama. Kadi ilikuwa imo tayari," fundi akasema. "Mteja akitaka kifurushi naweka namba ya siri, inakubali. Mimi nikajua... ilikuwa imo tu."

"Ilikuwa imo tu!" nikasema. "Na hela ya huyu mama ilikuwa inaingia wapi? Imo tu kwenye tumbo lako?"

"Mwizi huyu," mama wa Chinongwe akawaambia wauza nyanya, kwa sauti ya kutoa taarifa. "Ana suruali nzuri lakini mwizi."

Nikamsimamia kichwani mpaka akamaliza. Alisitisha katuni. Ikamuuliza una uhakika, ikampa ofa ya punguzo, ikamuuliza tena. Alisitisha mpira, mama wa Chinongwe mwenyewe akiwa anasema "kata, kata hiyo takataka." Akasitisha tamthilia. Kila kimoja kikaleta imeili ya kuthibitisha, nikazisoma zote kwa macho yangu. Kila moja ilisema umesitisha, hutakatwa tena, utaendelea kutazama hadi mwisho wa mwezi uliokwisha kulipiwa. Za nyuma harudishiwi mtu. Kisha nikamwamuru aondoe na kadi yenyewe. Ikaondoka. Mahali ilipokuwa pakaandikwa hakuna njia ya malipo.

Nilisubiri nifurahi. Sikufurahi. Kama ingekuwa katuni peke yake, ningeshona sare za shule, ningerudisha, mama asingejua mpaka anaingia kaburini. Lakini hivi vilikuwa vitatu, miezi yote ile, na zile meseji mbilimbili nilizofuta nikidhani benki imerudia zilikuwa watu wengine wanaangalia mpira. Kwa kuficha changu nilikuwa nimemfichia mwizi vyake. Kama meseji moja tu ningemsomea mama, tungekwenda benki mwezi wa kwanza.

Fundi alisema atanilipa msimu wa korosho. Anasema korosho kama anazo.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa anachambua mchicha, amesema anataka nikamtolee hela ya palizi. Nikamwambia haitatosha. Nikamweleza. Nilianza na fundi, nikamtukana fundi vizuri sana, nikaeleza akaunti, imeili, vile vifurushi vitatu. Mama hakuinua kichwa.

"Hilo la tivii sijalielewa," akasema. "Hela ikitoka, benki si wanaandika kwenye simu yangu?"

"Wanaandika."

"Mbona mimi simu yangu haina?"

Mtoto alikuwa anavuta majani ya mchicha. Nikamtoa mkono.

"Nilikuwa nazifuta, mama."

"Wewe?"

"Mimi."

Akaendelea kuchambua mpaka fungu likaisha. Nilimsubiri anitukane kwa Kimwera, maana akikasirika kweli Kiswahili kinamwisha. Hakunitukana. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama anavyomwomba mtoto arudishe kisu. Nikaingia ndani nikamletea kadi. Akaiangalia mbele na nyuma, kitu ambacho nadhani hakuwahi kukifanya, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Benki alikwenda, wakamfungia ile na kumpa nyingine. Hakwenda na mimi. Alikwenda na mke wa jirani, mwanamke wa darasa la saba anayesoma huku anafuatisha kidole, na ndiye anayemtolea pesa mpaka sasa. Anakuja kwetu siku ya benki, wanakaa ukumbini na mama, simu iko mapajani, anamsomea meseji moja baada ya nyingine.

Wakifika kwenye kukumbushana namba ya siri ya kadi mpya, mama ananiambia, "Hebu toka nje kidogo, mwanangu." Hasemi kwa hasira. Nachukua mtoto natoka.