Mita Mbili za Mwalimu Nunow

Katika mji wa Garissa, mwaka wa tatu wa vita, watu waliomfahamu Mwalimu Nunow Billow walikubaliana juu ya jambo moja: hasira zake hazikuwa za watu, zilikuwa za majibu. Mtu angeweza kumkanyaga mguu sokoni, akaomba radhi, na mambo yakaisha hapo. Lakini jibu lililoandikwa ovyo lilimkosesha raha ya chakula. Mkewe, Maka, alijua siku za kusahihisha kwa namna alivyoshika kijiko.

Alizaliwa upande wa Hulugho, kwa wafugaji, na alifika shuleni amekwisha kuwa kijana wa kuchunga ngamia peke yake. Alisoma, akapelekwa kusini kujifunza ualimu, na akarudi kufundisha fizikia katika shule ndogo ya sekondari ambayo darasa lake la juu lilikuwa na wanafunzi saba. Alirudi wakati mbaya. Barabara zilikuwa hazipitiki ila kwa msafara wa malori uliolindwa na askari. Jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Mafuta ya taa yalikuwa ya kupimiwa, na vitabu vya hesabu alivyoagiza Nairobi vilikuwa bado vinangojea nafasi ndani ya lori, nyuma ya unga na risasi.

Kwa sababu hiyo Nunow alijizoeza mambo mawili. La kwanza, alitunga hesabu za tarakimu nyepesi, kwa kuwa wanafunzi hawakuwa na majedwali ya kuwasaidia kuzidisha. La pili, alisahihisha haraka kabla ya giza, jicho likiwa kwenye mstari wa mwisho. Jibu likiwa sahihi, tiki; daftari linalofuata.

Mambo hayo mawili, kila moja likiwa na sababu njema, yalikutana alasiri moja na kumtesa.

Alikuwa akisahihisha mtihani wa majaribio, na karatasi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya Bare Mahat. Nafasi moja ilikuwa imetolewa katika chuo cha ufundi wa magari Nairobi, na Bare ndiye aliyependekezwa. Chuo kilitaka alama ya fizikia, na sahihi ya mwalimu kwamba mwombaji anaiweza mada ya kazi na nishati. Bila sahihi hiyo hapangekuwa na nafasi. Bila nafasi, polisi hawangempa Bare kibali cha kupanda msafara. Na kijana wa umri wake aliyebaki mjini bila shughuli alikuwa mtu wa kusimamishwa na kuhojiwa kila kona. Msafara ungeondoka kesho yake.

Swali lilikuwa hili: lori lenye tungamo la kilo elfu nne linakwenda mita kumi kwa sekunde. Breki zinalizuia kwa nguvu ya niutoni elfu ishirini. Litasimama baada ya umbali gani?

Bare alikuwa ameandika: mita mbili.

"Mita mbili!" Nunow alisema peke yake, kwa sauti iliyomfanya mwalimu mkuu, Bwana Komora, ainue kichwa katika chumba cha pili. "Lori la mizigo, limejaa, lisimame kwa mita mbili! Dereva na utingo wake watatokea kwenye kioo cha mbele!"

Alimwita Bare. Kijana alikuja akitweta, mrefu, mikono ya shati ikiwa imemwishia juu ya vifundo.

"Nionyeshe ulivyofanya."

"Nilivyofanya siku zote, Mwalimu. Nishati ya mwendo: kilo mara kasi. Elfu nne mara kumi, elfu arobaini. Nguvu mara umbali ndiyo kazi ya kulisimamisha. Elfu arobaini gawa kwa elfu ishirini. Mbili."

"Kilo mara kasi ni momenta! Nishati ya mwendo ni nusu ya kilo mara kasi, mara kasi tena. Nimelisema hili mpaka ubao umelijua."

"Lakini Mwalimu, wiki iliyopita nilifanya hivi hivi ukanipa tiki."

"Sikukupa."

Bare hakubishana. Alikwenda akaleta daftari lake, akalifungua, akaliweka mezani kwa heshima ya mtu anayejua kwamba ana haki. Toroli la kilo sita, kasi mita mbili kwa sekunde, breki za niutoni tatu. Bare alikuwa ameandika sita mara mbili, kumi na mbili. Gawa kwa tatu, mita nne. Pembeni palikuwa na tiki nyekundu, kubwa, ya mkono wa Nunow mwenyewe.

Nunow alilitazama. Alifanya hesabu kwa njia iliyo sawa: nusu ya sita ni tatu, mara mbili, mara mbili, kumi na mbili. Mita nne. Alifungua ukurasa mwingine. Pipa la maji, mita mbili kwa sekunde. Ngamia, mita mbili kwa sekunde. Mkokoteni, mita mbili kwa sekunde. Hakuna kitu kilichokuwa kimewahi kusogea katika darasa lake kwa kasi nyingine, kwa sababu mbili mara mbili haihitaji jedwali. Na katika kasi hiyo moja, nusu ya mbili mara mbili ni mbili ile ile, na tarakimu ya momenta na tarakimu ya nishati hulingana kama mapacha.

"La haula," alisema polepole. "Wote saba mnafanya hivi?"

"Ni njia fupi, Mwalimu. Tuliipenda."

Bwana Komora, Mpokomo wa huko chini mtoni, mtu mpole aliyeendesha shule kwa kukwepa makuu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu Nunow, mpe nusu ya alama, utie sahihi. Kijana ana akili. Huko atajifunza mengine."

"Huko atafundishwa breki, Bwana Mkuu. Akienda na hesabu hii atamwambia dereva kwamba mita mbili zinatosha."

"Kwa hiyo utamnyima nafasi kwa kosa ambalo wewe umelitilia tiki?"

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nunow alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nipe kesho asubuhi. Nitamtungia swali jipya. Akiliweza kwa njia yake sahihi, natia sahihi. Asipoliweza, sitii."

"Msafara haungojei fizikia."

"Msafara haujawahi kuondoka asubuhi tangu vita vianze."

Nyumbani Maka alimwona anavyoshika kijiko. "Nani leo?" aliuliza.

"Mimi," alisema Nunow.

Asubuhi Bare alimkuta mwalimu uani akiwa na debe la udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni, bomba la maji lililosimamishwa juu yake, na kipande cha nondo kilichokatwa sawasawa kipite ndani ya bomba.

"Nikiidondosha nondo kutoka kimo cha robo mita, kisha kutoka mita nzima, kasi ya kufika chini itazidi mara ngapi?"

Hilo Bare alilijua tangu muhula uliopita. Alikokotoa kwa kidole mchangani. "Mara mbili."

"Na itazama mara ngapi zaidi?"

"Mara mbili. Kasi maradufu, umbali maradufu. Ndiyo haki yake."

"Haki yake! Unaigawia nondo urithi?"

Waliidondosha kutoka robo mita: ilizama sentimita mbili. Waliidondosha mahali pengine kutoka mita nzima: ilikaribia nane.

"Tope ni laini upande huo," alisema Bare.

Walilikanda tope upya. Walianza na kimo kikubwa. Ikawa vile vile.

"Labda nondo ilipata moto kwenye jua, ikateleza."

"Bare. Wallahi, nondo haina njama dhidi yako."

Walirudia mara ya tatu, na kijana mwenyewe ndiye aliyelikanda tope, aliyeidondosha nondo na aliyepima. Alichuchumaa, akilitazama shimo refu na shimo fupi. Ng'ambo ya ukuta malori yalikuwa yameanza kunguruma moja moja kuelekea kituo cha polisi.

"Basi ile mbili yangu ya lori," Bare alisema mwishowe, "ni mbili ya nini? Maana haikutoka hewani. Nimegawa kitu cha kweli kwa kitu cha kweli."

Lilikuwa swali la kwanza zuri tangu jana, na Nunow alijizuia asilijibu. "Andika vipimo vyake."

Bare aliandika mchangani. Momenta: kilo, mita kwa sekunde. Niutoni: kilo, mita kwa sekunde, kwa sekunde tena. Akagawa. Kilo zikaondoka, mita zikaondoka. Kilichobaki kilimfanya ainuke ghafla.

"Sekunde! Mwalimu, ni sekunde mbili! Lori linasimama baada ya sekunde mbili!"

"Naam. Umekokotoa muda, ukauita umbali, ukataka nikuamini. Momenta inakwambia breki zitashika kwa muda gani. Nishati inakwambia kwa umbali gani. Sasa, katika sekunde hizo mbili, lori linatoka kasi ya kumi mpaka sifuri. Kwa wastani linakwenda mita ngapi kila sekunde?"

"Tano. Mara sekunde mbili… mita kumi." Alikokotoa upande wa pili, nusu ya elfu nne, mara kumi, mara kumi, jouli laki mbili, gawa kwa elfu ishirini. "Kumi! Zimekutana!"

"Zimekutana kwa sababu zinasema kweli. Na toroli langu la wiki iliyopita?"

"Sekunde nne, kwa wastani wa mita moja. Mita nne." Bare alicheka, halafu akaona uso wa mwalimu akaacha. "Kwa hiyo tiki ile ilikuwa bahati?"

"Bahati mbaya. Kaa hapo. Lori lile lile, breki zile zile, kasi mita ishirini kwa sekunde. Umbali wa kusimama. Onyesha kila mstari. Leo sisomi wa mwisho tu."

Bwana Komora alifika na saa mkononi. "Wanapanga foleni, Mwalimu. Kibali kinataka karatasi yako."

"Anaandika."

"Anaandika nini muda wote huo?"

"Kila mstari, Bwana Mkuu!"

Bare aliikabidhi karatasi. Nusu ya elfu nne, mara ishirini, mara ishirini: jouli laki nane. Gawa kwa elfu ishirini: mita arobaini. Chini yake, bila kuambiwa, alikuwa ameongeza: momenta elfu themanini, gawa kwa elfu ishirini, sekunde nne, wastani mita kumi kwa sekunde, mita arobaini tena. Nunow aliusoma kila mstari, akarudi mwanzo, akausoma tena, huku mwalimu mkuu akiugua kwa nguvu. Kisha alitia sahihi.

"Kasi maradufu, Bare?"

"Umbali mara nne, Mwalimu."

"Kimbia. Na mwambie dereva aache nafasi mbele yake."

Kijana alikimbia na karatasi yake. Adhuhuri msafara ulivuka daraja, na vumbi lake likabaki limening'inia juu ya mto.

Nunow aliingia darasani. Wanafunzi sita walisimama, madaftari yao yamefunguliwa, kila moja limejaa tiki nyekundu. Alikwenda ubaoni ambako toroli lake la kilo sita lilikuwa bado limechorwa, akaifuta mbili kwa kiganja, akaandika tatu.

"Mwalimu," alilalamika mmoja baada ya kujaribu kichwani, "nguvu ile ile tatu, momenta inatoa sita, nishati inatoa tisa. Hazifanani hata kidogo!"

"Hazifanani," alisema Nunow, na akaketi kusahihisha upya tiki zake zote. "Anzeni."