Mguu wa Kushoto wa Sindano

Watu wa uwanjani walimwita Kocha tu, hata wale waliomzidi umri. Asubuhi alifundisha watu kuinua vyuma katika jimu iliyo chini ya jengo la ofisi, na jioni alifundisha vijana kukimbia katika uwanja wa shule wenye njia za udongo zilizochorwa kwa chokaa. Macho yake yalikuwa makali, lakini sifa zilikwenda kwa masikio. Aliweza kuwapa kisogo wakimbiaji, akasikiliza nyayo zao zikipita, kisha akasema nani amechoka na amechokea wapi. Vijana walimtania kwamba anasikia hata uvivu.

Nyumbani aliishi na binti wa kaka yake, aliyekuja kusomea ushonaji. Kwa wembamba wake na kazi yake, wenzake walimpachika jina la Sindano. Nyumbani alimwita Shangazi, uwanjani alimwita Kocha, na hakuwahi kuchanganya. Alikuwa mtoto wa kutii. Akiambiwa rudia, anarudia. Na alikuwa na mbio ambazo Kocha hajawahi kuzipata kwa mwanafunzi mwingine yeyote.

Jioni moja mteuzi wa timu ya mkoa alikuja kutazama mazoezi. Alisimama kando ya njia, mikono nyuma. Kocha akawapanga vijana wake wakimbie mizunguko ya kasi, wapumzike kidogo, warudie. Sindano alianza vizuri, kifua mbele, mikono ikichapa kando ya mbavu, miguu haina kelele. Mteuzi akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Moyo wa Kocha ukachanua. Miaka yote ile klabu yake haikuwahi kutoa mtu wa timu ya mkoa.

Katika mizunguko ya mwisho Kocha akaisikia hatua ya Sindano ikibadilika. Kulia, laini. Kushoto, pa. Kulia, laini. Kushoto, pa. Aligeuka kutazama, na alichokiona hakikumshangaza. Kila Sindano alipokanyaga mguu wa kushoto, nyonga ya kulia ilidondoka, maana misuli ya kalio la kushoto, ambayo kazi yake ni kuishikilia nyonga isianguke, ilikuwa imekwisha nguvu. Ili asiyumbe, mwili ulikuwa umejitafutia njia nyingine: kiwiliwili kiliinamia kushoto, goti la kushoto likaingia ndani, mikono ikaanza kukata mbele ya kifua. Kasi ilikuwa ileile. Asiyejua angeona msichana anayepambana. Kocha alijua kwamba misuli inayopaswa kuzipokea zile hatua imeacha kuzipokea, na kwamba kilichobaki kinazipokea badala yake.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa ameisikia ile pa tangu wiki zilizopita, mwishoni mwa mazoezi, akajiambia itapita. Neno lilikuwa mdomoni. Simama, inatosha. Akamtazama mteuzi, akalimeza.

"Kaza!" akapaza sauti. "Umebakiza kidogo, kaza!"

Sindano akakaza. Mteuzi akaandika jina lake.

Siku chache baadaye msichana alishindwa kushuka ngazi za chuo. Ugoko wa kushoto ulikuwa unauma mahali pamoja, padogo kama kifungo cha shati, na ukipaminya anaruka kwa maumivu. Kocha alimpeleka hospitali. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili, ya mashine kubwa, ikaonyesha ufa mwembamba. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ufa wa namna ile hauji kwa hatua moja. Misuli ikichoka, mfupa hubeba zaidi, na usipopata nafasi ya kujijenga hulegea kidogo kidogo mpaka ukaachia. Kisha akauliza kama kulikuwa na dalili yoyote mapema. Sindano akasema hapana. Kocha alikuwa anatazama viatu vyake.

Usiku kaka yake alipiga simu. Hakulaumu. Alimshukuru dada yake kwa kumwahisha mtoto hospitali, akasema kama si yeye wangechelewa, na kwamba mtoto ana bahati kuwa na mtu anayejua mambo haya. Kocha aliitikia ndiyo, ndiyo, kaka. Alipokata simu alikaa jikoni na bakuli la chakula mbele yake mpaka kikapoa. Angekuwa amefokewa angalau angejitetea.

Alivumilia hivyo siku kadhaa, akimpikia, akimfulia, akimnunulia vitambaa ambavyo hakuviomba. Mwishowe Sindano, mguu ukiwa juu ya mto, akamuuliza kama kuna mtu amefariki wasimwambie. Hapo Kocha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Niliona," akasema. "Siku ile, na kabla ya siku ile. Nyonga ilikuwa inadondoka. Nilipaswa kukusimamisha, nikakwambia kaza. Nilitaka mteuzi akuone. Nilitaka anione na mimi."

Sindano alikunjakunja pindo la shuka.

"Nilijua umeona, Shangazi. Nilikuona umegeuka. Mguu ulikuwa mzito, nikasema moyoni, kama kuna tatizo atanisimamisha. Hukunisimamisha, nikajua niko salama."

Hakuyasema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma Kocha. Aliomba msamaha. Msichana akasema amesamehe, akaomba maji ya kunywa. Kesho yake Kocha alimpigia kaka yake akamweleza yote. Kaka akasema atakuja kumwona mtoto, na kwa majuma mengi hakumwita tena dada.

Mfupa ulipounga, daktari akaruhusu mazoezi ya nguvu. Wakaanza jimuni, Sindano akichuchumaa na kuinuka, kwanza mikono mitupu, baadaye na chuma chepesi mabegani. Sasa Kocha akawa mtu wa kuogopa kivuli. Goti likitikisika tu, weka chini. Pumzi ikipanda tu, weka chini. Msichana alikuwa anamaliza mazoezi bila jasho, na miguu ilibaki myembamba vilevile. Mwishowe akaweka chuma kwenye vishikio vyake, akamgeukia.

"Unanisimamisha kabla sijachoka. Hivi sitapata nguvu. Naomba unitazame mimi, usiitazame ile siku."

Kocha alirudi nyuma hatua moja, akamwambia endelea.

Sindano akashuka, akapanda. Akashuka, akapanda. Akaanza kupunguza mwendo, na uso ukakunjamana, lakini magoti yalifuata vidole vya miguu na mgongo ulibaki imara. Hiyo ni kazi tu, Kocha akajiambia. Mwache. Akashuka tena. Safari hii, alipoinuka, makalio yakapanda kwanza na kifua kikabaki chini: misuli ya mbele ya mapaja imechoka, na mgongo umetaka kumalizia kazi. Na uzito wote ukasogea pole pole upande wa mguu wa kulia, ule mzima.

"Weka chini," Kocha akasema. "Hapo hapo."

Sindano akaweka. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka shingoni, mapaja yanatetemeka. Akauliza kilichoharibika ni nini, na Kocha akamwonyesha kwenye kioo, bila kuficha hata kimoja, makalio, kifua, mguu wa kushoto alioukimbia. Msichana akasema huo mguu hata hakujua ameukimbia. Akajifuta uso kwa taulo, akanywa maji, kisha akarudi chini ya chuma na kuuliza kama Kocha yuko tayari.

Kocha akasogea upande wa kushoto, mahali anapoona vizuri zaidi, akasema yuko tayari.