Kwa Nini Nilikataa Kura ya Jina la Yoghati Yetu

Orodha ya kwanza ililetwa na msichana wa Nyeri mjini anayebuni majina na lebo. Tulimwita aje kwetu Chaka, kwenye chumba tunachotengenezea yoghati. Majina yalikuwa kumi. Makubaliano yalikuwa orodha mbili tu, kwa hiyo ilibaki moja. Kama nayo isingetufaa, tungebandika kwenye chupa zetu jina ambalo hakuna aliyelitaka.

Mwenyekiti wa chama chetu alisoma yote kwa sauti, kisha akasema, "Haya akina mama, tuinue mikono."

Kwetu kila jambo huamuliwa hivyo, hata rangi ya sare. Mimi ndiye katibu. Nikakataa.

"Ati unakataa kura?" mwenyekiti akashangaa.

"Ndiyo. Kura itamwambia msichana huyu lipi limeshinda. Haitamwambia kwa nini."

"Si aandike tu hatujapenda, alete mengine!" mmoja akadakia. "Wewe na vitabu vyako, utatulaza hapa."

"Mengine yapi? Atakisia tena."

Msichana alitoa kalamu. Nikamwambia mwenyekiti asome upya, na kila anayekubali au kukataa jina atoe sababu. Walinung'unika, lakini wakaanza. Kilele, Theluji, Malkia wa Mlima: sita kati ya kumi yalikuwa ya mlima. Nikasema yote sita yaondoke. Huku kwetu kila kitu kimepewa jina la mlima: saluni ni mlima, bucha ni mlima, kanisa ni mlima.

"Sasa unapigana na mlima?" mwenyekiti akauliza, wakacheka.

"Mlima haujawahi kutusaidia kukamua."

Moja lilikuwa refu mno; mteja angechoka kabla ya kulimaliza dukani. Kibuyu ndilo lililotugawa. Wazee wetu waligandishia maziwa humo, na wengi walilipenda. Lakini mteja angetarajia mala, yaani maziwa ya mgando, si yoghati laini ya matunda. Hapo msichana akauliza swali la maana kuliko yote: "Mnapenda nini ndani yake, ukale au nyumbani?"

Tukabishana. Nyumbani, tukakubaliana. Akaandika: fupi, la Kiswahili, la nyumbani, si la zamani, lisiwe la mlima, na mtoto aweze kulitamka anapotumwa dukani. Mmoja wetu akataka kumpa msichana jina alilolibuni mwenyewe, nikamzuia. Tulimwajiri abuni; kazi yetu ilikuwa kumweleza tunachotaka.

"Mama, wateja wangu wengi huniambia tu 'ni sawa'," msichana alisema akifunga mkoba. "Halafu hukasirika."

Orodha ya pili ilikuwa na majina matano, na hakuna lililotuudhi. Mwenyekiti alipofika kwenye Jirani, alilisema kama anayeita mtu ng'ambo ya ua. Maziwa yetu hutoka kwa majirani, na hununuliwa na majirani. Tulilichukua.

Mmoja wetu bado analalamika kwamba chupa haina mlima. Namjibu atoe sababu.