Kimya cha Sekunde Moja

Asubuhi ile nilikuwa ofisini Kitale, nikisikiliza simu za majaribio kutoka kwa wapigaji halisi. Tulikuwa tumetengeneza mashine ya kupokea simu za wajawazito wa Bungoma: inauliza shida, kisha inamuunganisha mpigaji na muuguzi. Mimi ndiye niliyeamua ingoje kimya kwa muda gani kabla ya kuhesabu kwamba mtu amemaliza kusema. Niliweka sekunde moja. Nilikuwa nimeijaribu na wenzangu wa ofisini, watu wa kuongea mbio.

Aliyepiga alikuwa mama mzee wa Tongaren.

"Karibu. Tafadhali eleza shida yako," mashine ikasema.

"Habari ya huko, mwanangu?"

Akanyamaza. Kwao hakuna anayetaja shida kabla salamu haijaitikiwa. Mashine haikupata shida katika salamu.

"Samahani, sikuelewa. Eleza shida yako."

"Ni bibi ya kijana yangu. Tangu asubuhi iko na..." Akavuta pumzi. Nyuma yake mwanamke alilia. Sekunde ikaisha.

"Samahani, sikuelewa..."

"Damu! Inatoka damu!"

Alisema hayo mashine ikiwa bado inaongea, na sikuwa nimeifundisha kusikia huku ikiongea. Alipogundua amemkatiza mwenziwe, akanyamaza kwa adabu, amwachie amalize. Kimya hicho kikawa kosa la tatu.

"Tafadhali piga tena baadaye."

Simu ikakatika. Sharti hilo la kukata baada ya makosa matatu nililiandika kwa mkono wangu.

Nilimpigia muuguzi wetu, aliyekuwa Bungoma.

"Sista, kuna mama Tongaren, mke wa mwanawe anatoka damu."

"Sasa si mngemleta kwangu? Mbona mmemkata? Leta namba."

Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Mimi nilitazama skrini, nikimwona yule mwanamke sakafuni, ingawa sijawahi kufika kwao.

Kisha namba ile ile ikatokea: anapiga tena, na mashine ndiyo itakayompokea. Nikaizima, laini ikaenda moja kwa moja kwa muuguzi.

"Habari ya huko?" sauti ikatetemeka.

"Mzuri, mama. Watu wa nyumbani?"

Salamu ilipojibiwa tu, akamwaga yote: damu, miezi minane, mlango wa bluu karibu na soko. Muuguzi akaagiza ambulensi.

Jioni akanipigia. "Yule mjamzito ametoka theatre ya upasuaji, yuko sawa. Mtoto tunamwangalia bado." Kisha: "Na hiyo mashine yako, ati haina kwao? Hata salamu haijui?"

Sikucheka. Kesho yake niliongeza muda wa kungoja, nikaifundisha kuitikia salamu, kunyamaza mtu anapoanza kusema, na kuuliza tena inapokosa hakika: "Umesema anatoka damu?" Baada ya kosa la pili, inampa muuguzi simu. Haikati.

Kisha nikaenda Bungoma, nikasimama nje ya wodi ya watoto alimolazwa mtoto yule, nikaipigia laini yetu. Nikanyamaza kama yule mama, nikahesabu sekunde, nikingoja nione kama itanikata.